Nimeandika "inashuka kutoka 0 hadi 2" nikakatwa maksi. Jedwali langu la alama lina kosa gani?

Penseli_Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimeanza kalkulasi juzijuzi tu, kwa hiyo mnivumilie. Tulipewa fanksheni hii:

f(x) = x²/(x − 1)

tukaambiwa tuseme inapanda wapi na inashuka wapi kwa kutumia jedwali la alama. Derivativu nimeitafuta kwa kanuni ya mgawanyo nikapata

f'(x) = (x² − 2x)/(x − 1)²

Hapo nina uhakika, maana mwalimu amepiga vema. Nikaiweka sawa na sifuri, nikapata x = 0 na x = 2. Nikachora mstari wa namba, nikaweka hizo mbili, vikatokea vipande vitatu. Kipande cha kwanza nilijaribu −1 nikapata 3/4, chanya. Cha mwisho nilijaribu 3, nikapata 3/4 tena, chanya. Cha katikati nilitaka kujaribu 1 kwa sababu ndiyo iko katikati kabisa, ikawa nagawa kwa sifuri, nikaona haina shida, nikachukua 0.5 nikapata −3, hasi.

Jibu langu: inapanda kabla ya 0, inashuka kutoka 0 hadi 2, inapanda baada ya 2. Amekata mstari wa katikati na kuandika "angalia tena". Nimeangalia mpaka macho yanauma.

---

Kasi_Kubwa

Umeisahau 1, mkuu. Pale chini panapokuwa sifuri napo panaingia kwenye mstari. Sasa weka 0, 1, 2, upate vipande vinne. Kisha usihangaike kujaribu kila kipande: jaribu cha kwanza tu, vingine alama zinapishana zenyewe. Umepata chanya, basi ni + − + −. Sekunde kumi umemaliza.

---

Penseli_Butu

Asante, kumbe 1 inahesabika. Lakini mbona kipande cha mwisho kwako ni hasi na mimi nilipoweka 3 nimepata 3/4? Nimerudia mara mbili: juu 9 − 6 = 3, chini 2² = 4.

---

Chaki_Nyeupe

Penseli, iamini 3/4 yako. Kasi amekusaidia nusu ya njia kisha akakuacha porini.

Kuhusu 1 yuko sahihi. Kwenye mstari wa namba tunaweka x zote ambazo f' inaweza kubadilishia alama: pale inapokuwa sifuri, na pale isipokuwepo. Ulipojaribu 1 ukaona unagawa kwa sifuri, karatasi ilikuwa inakuita kwa sauti, ila wewe ukahamia 0.5 na kuendelea. Siku nyingine namba ya kujaribu ikigoma hivyo, simama. Umekanyaga mpaka ambao hukuuchora.

Hilo la alama kupishana ndilo la hatari, na nimeshaliona likimaliza watu kwenye mitihani. Alama hazipishani kwa mazoea. Zinabadilika pale ambapo kuna kigawo kinachobadilika, basi. Iandike f' kwa vigawo:

f'(x) = x(x − 2)/(x − 1)²

Halafu kila kigawo mpe mstari wake:

```
             x<0    0<x<1   1<x<2   x>2
x             −       +       +      +
x − 2         −       −       −      +
(x − 1)²      +       +       +      +
f'(x)         +       −       −      +
```

Tazama mstari wa tatu. (x − 1) ikiwa peke yake, ukivuka 1 inatoka hasi kuwa chanya. Lakini hapa imezidishwa yenyewe kwa yenyewe, na hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo ukiwa kushoto kwa 1 ni chanya na ukiwa kulia ni chanya. Unavuka 1 na alama inabaki ileile. Ndiyo maana vipande viwili vya katikati vyote ni hasi.

Kipeo kikiwa shufwa alama haibadiliki. Kikiwa witiri inabadilika. Mbinu ya Kasi inakubali pale ambapo vigawo vyote vina kipeo witiri tu, na wanaoanza hupewa maswali ya namna hiyo mengi, ndiyo maana watu huamini ni sheria.

---

Kasi_Kubwa

Hapo kwenye kipeo nimekubali, nilikimbia. Lakini sasa Penseli alikosea nini? Vipande viwili vya katikati vyote hasi, ukiviunga unapata kushuka kutoka 0 hadi 2. Alichoandika ndicho hichohicho.

---

Penseli_Butu

Hata mimi nilitaka kuuliza hivyohivyo 😅

---

Chaki_Nyeupe

Haviungani, na hapo ndipo maksi ilipoanguka. Usinisikilize mimi, chukua kikokotoo. Weka 0.5 kwenye f yenyewe, si f':

f(0.5) = 0.25/(−0.5) = −0.5

Sasa weka 1.5:

f(1.5) = 2.25/0.5 = 4.5

Umesema inashuka kutoka 0 hadi 2. Kushuka maana yake ukienda kulia thamani inapungua. Umetoka 0.5 ukaenda 1.5, na thamani imetoka −0.5 imefika 4.5. Hiyo ni kushuka kwa wapi?

Sogea karibu zaidi na 1 uone kinachotokea. f(0.9) = −8.1 na f(0.99) = −98.01. Inazama. Upande wa pili f(1.01) = 102.01 na f(1.1) = 12.1. Yaani inashuka mpaka inapotelea chini, kisha baada ya 1 inaibukia juu kabisa na kuanza kushuka upya. Kila upande unashuka kivyake. Katikati kuna ufa, na f'(x) haijui lolote kuhusu ufa huo kwa sababu pale haipo.

Ile kanuni ya "f' hasi, basi f inashuka" ina sharti ambalo husemwa haraka na kusahaulika: iwe ndani ya kipande kimoja kisichokatika. Jibu linaandikwa hivi:

Inapanda: (−∞, 0) na (2, ∞)
Inashuka: (0, 1) na (1, 2)

Neno "na" hapo lina kazi. Ukiweka alama ya muungano ∪ badala yake, wasahihishaji wengine watakukata, maana inasomeka kama umedai kitu kimoja kwa seti nzima.

Kando kidogo: f(0) = 0 ndicho kilele na f(2) = 4 ndilo bonde. Bonde liko juu kuliko kilele! Kama mstari usingekatika hapo katikati lisingewezekana, kwa sababu ukishuka bila kukatika kutoka kilele cha 0 hufiki bonde la 4. Mimi hutumia hiyo kama king'ora: nikiona bonde limepita kilele jirani, narudi kutafuta ufa.

---

Mtaka_Grafu

Jamani mimi nina jibu tofauti kabisa. Nimeweka −1 nikapata −½, ni hasi, kwa hiyo kabla ya 0 inashuka. Nyie mnasema inapanda. Na nikiweka 0.5 napata −½ tena. Kwangu kushoto kwa 1 kote ni hasi, kulia kote chanya. Jedwali lina safu mbili tu. Mbona mnajitesa?

---

Ndimu_Kali

Mtaka_Grafu, umeweka −1 kwenye f au kwenye f'?

---

Mtaka_Grafu

Kwenye f. Si ndiyo fanksheni tuliyopewa?

---

Ndimu_Kali

Ndiyo hapo. Alama ya f inakwambia mstari uko juu au chini ya mhimili wa x. Haisemi unaelekea wapi. Mtu anaweza kuwa chini ya ardhi na bado anapanda ngazi.

Chukua namba zako mwenyewe: f(−2) = 4/(−3), yaani kama −1.33. f(−1) = −0.5. Zote hasi, lakini kutoka −1.33 kuja −0.5 umepanda. Hasi imepungua uhasi wake. Sasa weka −1 kwenye f': juu 1 + 2 = 3, chini (−2)² = 4, jibu 3/4. Chanya. Imekubaliana na kupanda.

Mimi naandika "f' =" kwa herufi kubwa pembeni ya jedwali kabla sijaweka namba hata moja, maana kosa hili nimelifanya nikiwa nimechoka, tena nikijua kabisa.

---

Mtaka_Grafu

Aaah. Kumbe nilikuwa najibu swali jingine. Sawa, nimerudi kwenye foleni.

---

Penseli_Butu

Chaki, la ufa limenikaa. Kuna kitu kingine ambacho tangu darasani sijakielewa na niliona aibu kuuliza. Kwa nini namba moja inatosha? Nimejaribu 3 peke yake nikatangaza kwamba kutoka 2 hadi mwisho wa dunia ni chanya. Nitajuaje kama kwenye 47 haijageuka hasi?

---

Chaki_Nyeupe

Swali zuri kuliko lile la kwanza, wala usione aibu.

Tuseme kwenye 3 ni chanya na kwenye 47 ni hasi. Ili f' itoke juu ya sifuri iende chini ya sifuri, ina njia mbili tu: ipite sifuri yenyewe, au iruke pale ilipokatika. Bolzano alilithibitisha hilo mwaka 1817 kwa fanksheni zisizokatika. Sasa wewe ulishatafuta sehemu zote f' inapokuwa sifuri, na sehemu zote inapokatika. Ni 0, 1 na 2. Baada ya 2 hakuna nyingine, kwa hiyo hakuna mlango wa kupitia. Ikiwa chanya kwenye 3, imefungiwa humo, na 47 nayo iko humohumo.

Ndiyo maana ukisahau mpaka mmoja namba ya kujaribu haikuokoi. Unajaribu sehemu moja, unatangaza kwa kipande kizima, kumbe kipande chenyewe ni viwili vilivyofichana. Na ndiyo maana napenda jedwali la vigawo kuliko kujaribu namba: ukishafanya vigawo huhitaji kukokotoa thamani, unasoma alama tu. Namba ya kujaribu naiweka mwishoni, moja tu, kukagua kama sijapindisha kitu.

---

Ndimu_Kali

Naomba nilete la kwangu, linahusu mpaka uliosahaulika. Sisi tulipewa

f(x) = x⁴ − 4x³

f'(x) = 4x³ − 12x². Nikaiweka sawa na sifuri, nikagawa pande zote kwa 4x², nikabaki na x = 3. Kushoto hasi, kulia chanya. Inashuka mpaka 3, inapanda baada ya 3. Nikapata jibu sahihi ila msahihishaji kaandika "umepoteza 0" na kunipunguzia. Bado nina kinyongo. Kama jibu ni lilelile, nimepoteza nini?

---

Chaki_Nyeupe

Umeokoka kwa bahati, si kwa njia. Kugawa kwa 4x² ni kusema x si sifuri, wakati hujui, na kweli sifuri ilikuwa mojawapo ya majibu. Imetokea tu kwamba kigawo ulichokitupa ni x², kipeo shufwa, ambacho hakibadilishi alama. Kwa hiyo kukosekana kwake hakukuharibu chochote.

Jaribu mbinu hiyohiyo kwenye f(x) = x³ − 3x². Hapa f'(x) = 3x² − 6x. Gawa kwa 3x, unabaki na x = 2. Jaribu 1 upande wa kushoto: 3 − 6 = −3, hasi. Utaandika inashuka mpaka 2. Lakini weka −1: 3 + 6 = 9, chanya. Kumbe kabla ya 0 inapanda. Umezika kipande kizima.

Usigawe kwa x. Itoe nje ya mabano: 3x(x − 2) = 0. Hapo zote mbili zinabaki mbele ya macho yako.

---

Ndimu_Kali

Haya, kinyongo nimekishusha. Kidogo.

---

Penseli_Butu

Ngoja nijaribu ya Ndimu kwa jedwali, mnisahihishe.

f'(x) = 4x²(x − 3). Mipaka 0 na 3. Chini hakuna kitu, kwa hiyo hakuna ufa.

```
           x<0    0<x<3    x>3
4x²         +       +       +
x − 3       −       −       +
f'(x)       −       −       +
```

Kukagua: f'(1) = 4 × 1 × (−2) = −8, hasi, imekubali. Kwa hiyo inapanda (3, ∞), na inashuka (−∞, 0) na (0, 3). Nimeitenganisha kwenye 0 kama tulivyotenganisha kwenye 1.

---

Kasi_Kubwa

Safi kabisa. Pale 0 mteremko ni sifuri, imesimama, haishuki. Lazima utenganishe.

---

Chaki_Nyeupe

Jedwali ni sahihi lote. Ila kutenganisha hapo hakuna ulazima, na sababu yake ni nzuri kuijua.

Kwenye swali la kwanza tulitenganisha kwa sababu f haikuwepo kwenye 1. Hapa f ipo kwenye 0, ni 0 kamili. Pima pembeni yake: f(−0.1) = 0.0041, f(0) = 0, f(0.1) = −0.0039. Kila ukienda kulia thamani inapungua, hata ukipita 0 yenyewe. Mstari umelala kwa nukta moja tu, na nukta moja haitoshi kuizuia isishuke. Kushuka ni habari ya kulinganisha thamani mbili, x ndogo na x kubwa. Si habari ya nukta moja peke yake. Kwa hiyo unaweza kuandika inashuka (−∞, 3) moja kwa moja. Mimi ningeandika hata (−∞, 3] kwa mabano ya mraba, maana f(3) = −27 ni ndogo kuliko zote zilizotangulia, hivyo 3 nayo inaingia.

---

Kasi_Kubwa

Hapo sikubaliani. Sisi tumefundishwa mabano ya duara siku zote, na ukiweka ya mraba unakatwa. Tena ukiweka 3 kwenye kushuka na pia kwenye kupanda, namba moja itakuwa inapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Inaingia akilini?

---

Chaki_Nyeupe

Namba haipandi wala kushuka, kipande ndicho kinachopanda au kushuka. 3 ni mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine, kama kilele cha mlima kilivyo mwisho wa kupanda na mwanzo wa kuteremka. Lakini kuhusu maksi sibishani nawe. Kuna vitabu vinavyoandika duara, vingine mraba, na anayesahihisha ndiye mwenye kalamu.

---

Mtaka_Grafu

Mimi kwetu mmoja anataka duara, mwenzake anataka mraba, na wote wanasahihisha karatasi moja.

---

Penseli_Butu

😂😂 Basi mimi nitamuuliza wangu kesho kabla ya jaribio. Kwenye la kwanza nimerudi nikaandika (0, 1) na (1, 2). Hapo kwenye 1 angalau hakuna ubishi, ni duara tu, si ndiyo?

---

Chaki_Nyeupe

Ndiyo. Pale kwenye 1 hakuna f, kwa hiyo hakuna wa kukudai mraba. Kwenye 0 na 2 ndiko utakakouliza.